UZI: Askofu aliwe f7 mfalme akiwa bado e8, lini inalipa na lini ni kujichoma mwenyewe?

msimbati_7 (Mtwara)
Wakuu habari za jioni. Hapa Shangani tunacheza chesi jioni, dakika 15 kila mtu, na kuna ubishi haujaisha. Mweupe ana askofu c4, mweusi hajafanya kaslingi, mfalme yuko palepale e8. Nusu ya watu wanasema "kula f7 ule mfalme", nusu wanasema unatoa kipande cha bure. Mchezo wenyewe ulifika hapa:

```
1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.d4 Nd7 4.Bc4 h6 5.dxe5 dxe5
```

Zamu ya mweupe. Swali langu si "je, `6.Bxf7+` inawezekana". Nataka kujua mtu anaamuaje pale mezani, saa inakimbia, na sheria ni ukigusa umecheza.

---

korosho_ghafi (Masasi)
Hesabu ni rahisi mkuu. Askofu ni 3, askari wa f7 ni 1, kwa hiyo uko chini 2. Ukiwa na vipande vitatu vya kushambulia karibu na mfalme, toa. Ukiwa na viwili, acha. Hapo una farasi na malkia tu, askofu mwenyewe keshaliwa. Mimi nisingetoa.

---

BintiLigula (Mtwara)
Kaka korosho, kanuni ya vipande vitatu inasaidia mfalme akiwa amejificha g8 nyuma ya askari wake, kwa sababu pale unahitaji muda wa kuleta watu. Mfalme aliye e8 na safu ya d iko wazi ni habari nyingine. Hapa cha kutazama ni nani anafika hatua inayofuata kwa sheki, na kama yule anayemlinda yuko huru kumla.

Angalia nyumba ya e5. Baada ya `6.Bxf7+ Kxf7` mweupe anacheza `7.Nxe5+`. Farasi wa d7 anailinda e5, sawa? Kwa macho, ndiyo. Lakini farasi huyo ndiye pazia pekee kati ya malkia wa d1 na malkia wa d8. Akila, `7...Nxe5 8.Qxd8`, malkia kaenda. Kwa hiyo mlinzi wa e5 yupo kwa jina tu. Ndiyo maana malkia mmoja na farasi mmoja tu wanatosha hapa.

Sasa mfalme anakimbilia wapi? Akirudi nyumbani:

```
7...Ke8 8.Qh5+ Ke7 9.Qf7+ Kd6 10.Nc4+ Kc5
11.Qd5+ Kb4 12.a3+ Ka4 13.b3#
```

Pangeni ubaoni msitazame tu. Kuanzia hatua ya 9 mfalme hana hiari isipokuwa hatua ya 10, na pale akichagua `10...Kc6` ni `11.Qd5#` papo hapo. Askari wa e4 anamshikilia malkia d5, farasi wa c4 anafunga b6, d6 na a5. Askari wa mweusi wa b7 na c7 wanamfungia mfalme wao mlango. Na akijikinga kwa `8...g6`, malkia anakula `9.Qxg6+` kisha njia ni ileile.

Akicheza `7...Ke7` basi `8.Ng6+` na ngome ya h8 inaliwa. Umetoa askofu, umepata ngome na askari wawili.

---

msimbati_7
Dada BintiLigula hapo nimeona. Lakini mweusi si angekula hatua ya 5 kwa farasi? `5...Nxe5` badala ya askari?

---

BintiLigula
Ndiyo, na ni bora kwake, ila f7 bado inaliwa. `6.Nxe5 dxe5 7.Bxf7+` na mfalme hawezi kula kwa sababu malkia wake wa d8 atabaki yatima, hana wa kumlinda. Anacheza `7...Ke7`, mnabadilishana malkia `8.Qxd8+ Kxd8`, mweupe ana askari mmoja wa ziada na mfalme mweusi hafanyi kaslingi tena. Hiyo hata siiiti kafara. Ni askari wa bure.

---

MzeeWaDrafti (Nachingwea)
Vijana mimi natoka kwenye drafti, mnisamehe nikiuliza. Mnasema "mfalme anakula, mfalme anakula". Kwani analazimishwa? Kwenye drafti ukitegewa lazima ule, ndipo mtego unafanya kazi. Huku si anaweza kumwacha huyo askofu akae?

---

BintiLigula
Shikamoo mzee. Halazimishwi kula, na swali lako lina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu wengi wanapiga hesabu ya kuliwa tu na kusahau kukataliwa. Sheki lazima ajibu, lakini anaweza kujibu kwa kusogea, `6...Ke7`. Hapo askofu anarudi b3 akiwa na askari wa f7 tumboni, na mfalme ameshatoka e8 kwa hiyo kaslingi imekufa. Kwenye sheki ya f7, kukataa kwa kawaida kunamgharimu mweusi askari na kaslingi. Hilo ni zuri kwa mweupe. Kwenye kafara isiyo na sheki mambo hubadilika, anaweza kuendelea na shughuli zake na wewe ukabaki unamtazama askofu wako akining'inia.

---

MzeeWaDrafti
Marahaba. Nimeelewa.

---

chikongola_boy (Mtwara)
Basi mimi nilikuwa sahihi siku zote 😀 Mimi natoa f7 kila nikiona farasi mweusi yuko d7. Nafasi yangu ni hii, karibu sawa na ya mtoa mada:

```
1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.d4 Nf6 4.Nc3 Nbd7 5.Bc4 Be7
```

Natoa `6.Bxf7+ Kxf7 7.Ng5+` halafu `Ne6` na malkia wake hana pa kwenda. Si ndiyo wazo lilelile?

---

BintiLigula
Hapana, ndugu. Hapo umechukua jina ukaacha mwili. Tofauti ziko mbili na zote zina uzito.

Ya kwanza, farasi wa g8 ameshatoka, yuko f6. Anailinda h5, kwa hiyo ile `Qh5+` iliyomburuta mfalme hadi a4 haipo tena. Ya pili, bado hamjabadilishana askari kwenye e5. Safu ya d imefungwa, na farasi wa d7 si pazia la malkia yeyote. Yuko huru.

Kilichobaki kwako ni shimo la e6, kwa sababu farasi wa d7 anamziba askofu wa c8. Hilo shimo ni la kweli. Baada ya `7.Ng5+`, akirudi `7...Ke8` basi `8.Ne6` na malkia wa d8 amenaswa, kila nyumba imekaliwa na watu wake. Akienda `7...Kf8` basi `8.Ne6+` ni uma wa mfalme na malkia. Wanaokosea huko ndio wanaokupa moyo.

Lakini anayejua anacheza `7...Kg8`. Endelea mwenyewe:

```
8.Ne6 Qe8 9.Nxc7 Qg6 10.Nxa8 Qxg2 11.Rf1 exd4
```

Malkia anapita ile f7 uliyoifungua wewe, e8 hadi g6. Umekula ngome, lakini angalia ubao. Farasi wako yuko kona ya a8, njia yake ya kurudi ni c7, na anahitaji hatua ambayo huna. Farasi wa c3 anatishiwa na askari wa d4. Ukila `12.Qxd4` anakuja `12...Ne5` na tishio la `Nf3+`, uma wa mfalme na malkia, na f3 haina mlinzi kwa sababu askari wa g2 ameliwa. Ukicheza `12.Qe2` anakula `12...dxc3`. Mfalme wako mwenyewe ndiye ambaye hajafanya kaslingi, na hatafanya upande mfupi tena.

Hapa kafara imegeuka. Aliyekuwa wazi ni mweusi, sasa ni mweupe.

---

korosho_ghafi
Kwa hiyo hesabu yangu haikuwa mbaya sana, kwenye nafasi ya chikongola vipande havitoshi.

---

BintiLigula
Umepata jibu sahihi kwa nafasi ya chikongola, lakini kwa kipimo ambacho kingekukosesha meti ya mtoa mada. Kule walikuwa farasi na malkia. Huku pia ni farasi na malkia. Idadi ni ileile, matokeo ni mbali.

---

chikongola_boy
Na akienda `7...Kg6`? Wengi ninaocheza nao hapa wanafanya hivyo, wanataka kumla farasi wa g5.

---

lindi_mjini (Lindi)
Nijibu mimi hiyo. Usikimbilie `8.Ne6` kwa mazoea. Mfalme akiwa g6, nyumba za e8 na f8 ziko wazi, malkia anateleza `8...Qg8` na sasa yeye ndiye anayemtishia farasi wako. Mtego wa malkia ulifanya kazi mfalme alipokuwa e8 kwa sababu mfalme mwenyewe alikuwa tofali la ukuta. Mfalme akiwa g6 unapeleka askari, `8.f4` ukikusudia `f5+`, au `8.h4` kumshikilia farasi. Hapo ndipo unapohitaji muda kwenye saa, si hatua ya 6.

---

msimbati_7
Sasa naona kitu. Kwenye nafasi yangu, kosa la mweusi ni `4...h6`?

---

BintiLigula
Ndiyo. `h6` inazuia `Ng5`, na kwa jicho la haraka inaonekana ndiyo dawa ya f7. Lakini imekula hatua ambayo farasi wa g8 angetoka. Mweusi amelinda g5 akaacha h5. Ukimwona mpinzani anasukuma askari wa pembeni mfalme akiwa e8, usiulize amezuia nini. Tafuta kipande gani kimebaki nyumbani kwa sababu ya hatua ile, halafu tazama kipande hicho kingelinda nini.

---

newala_juu (Newala)
Naongeza upande wa pili wa sarafu, kwa wale wanaotoa f7 hatua ya 4. Kuna ufunguzi unaitwa Jerome, kwa jina la Mmarekani Alonzo Wheeler Jerome wa karne ya 19:

```
1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.Bxf7+ Kxf7 5.Nxe5+ Nxe5 6.Qh5+
```

Ukiutazama kwa mbali ni wazo lile la BintiLigula, f7, kisha e5 kwa sheki, kisha malkia h5. Lakini farasi wa c6 hana kifungo chochote. Anakula e5 na malkia wake wa d8 hana wasiwasi, safu ya d imefungwa. Mweupe ametoa vipande viwili na anarudisha kimoja tu. Miaka ya 1880 Joseph Blackburne alikutana nao London akajibu hivi:

```
6...g6 7.Qxe5 d6 8.Qxh8 Qh4 9.O-O Nf6
```

Alimwachia ngome ya h8 makusudi, na `9...Nf6` ikafunga mlango nyuma ya malkia mweupe. Malkia yuko kona ya mbali, mfalme wake mwenyewe anashambuliwa na watu wanne. Blackburne akaja kutoa mpaka malkia na kumaliza kwa meti hatua ya 14, `14...Bxe4#`.

---

korosho_ghafi
Hapo nimekubali. Kwenye Jerome mlinzi wa e5 ni wa kweli, kwenye uzi wa msimbati ni wa jina.

---

lindi_mjini
Tusiifanye rahisi kupita kiasi. BintiLigula umeruka jibu moja la mweusi kwenye nafasi ya msimbati. Baada ya `7.Nxe5+` mfalme anaweza kwenda mbele, `7...Kf6`, na anamtishia farasi mwenyewe. Hilo hujalisema.

---

BintiLigula
Sikulisema, na ndilo jibu gumu kuliko yote. Mfalme anayepanda badala ya kukimbia ndiye anayeharibu kafara nyingi, kwa sababu mtoaji amehesabu njia za kurudi nyuma tu.

Mimi hapo nacheza `8.Qd4`. Farasi analindwa, na tishio ni `Nc6+`, sheki inafunuka kutoka d4 na farasi anamtishia malkia wa d8. `8...Nxe5` bado haiwezekani, `9.Qxd8+`. Akimsukuma malkia kwa `8...c5`, usimwondoe malkia kwa hofu. `9.Nxd7+` ni sheki mbili kwa pamoja, ya farasi na ya malkia, kwa hiyo askari wa c5 hawezi kumla malkia hata kama anatamani. Mfalme lazima asogee. Akienda `9...Kf7`, `10.Qd5+`, na akipanda `10...Kg6` basi `11.Ne5+` inafungua safu ya d na malkia mweusi anapotea. Akienda `9...Kg6` moja kwa moja, `10.Nxf8+ Qxf8`, vipande viko sawa na mweupe ana askari wawili zaidi. Akienda `9...Ke7` ni `10.Qxc5+`, atamla farasi, na mweupe atabaki na askari watatu kwa kipande kimoja, mfalme mweusi yuko katikati ya ubao. Hilo la mwisho sitakuambia ni meti. Ni vita, na ningependelea kuwa mweupe.

---

lindi_mjini
Na `8...Ke6`?

---

BintiLigula
`9.Qd5+`. Akirudi `9...Ke7` ni `10.Qf7+` na safari ileile ya a4. Akipanda tena `9...Kf6` mambo ni marefu, mimi sijalifikisha mwisho kiasi cha kuapa.

---

msimbati_7
Kwa hiyo pale mezani, dakika 15, ninahesabu nini hasa kabla ya kushika askofu?

---

BintiLigula
Usihesabu miti yote. Kwanza tafuta sheki ya pili, ile inayokuja baada ya askofu kuliwa. Kama haipo, au ipo ila kipande kinachoitoa kinaliwa bure, rudisha mkono. Kama ipo, weka kidole cha macho, si cha mkono, kwenye kila nyumba ambayo mfalme anaweza kukanyaga, ukianzia ya mbele. Kwenye f7 nyumba hizo ni f6, e6 na g6, kisha ndipo e7, e8, f8 na g8. Mwisho mtazame mfalme wako. Kama na wewe hujafanya kaslingi na kafara inakutaka upeleke farasi hadi a8 kula ngome, jiulize g2 inalindwa na nani.

Hiyo ya mwisho ingemwokoa chikongola.

---

chikongola_boy
Sawa nimeipata. Lakini nimeifikiria usiku. Je, nikibadilishana kwanza? `6.dxe5` na yeye akila kwa askari, `6...dxe5`, halafu ndipo `7.Bxf7+`. Mstari unakuwa:

```
7...Kxf7 8.Ng5+ Kg8 9.Ne6 Qe8 10.Nxc7 Qg6
11.Nxa8 Qxg2 12.Rf1 Nc5 13.Qe2 Bh3 14.Be3
```

Sasa hana `exd4`, farasi wangu wa c3 hatishiwi na mtu.

---

lindi_mjini
Hii ni bora zaidi ya ile ya kwanza, na sababu umeitaja mwenyewe. Ile `exd4` ilimpa mweusi hatua ya bure. Lakini farasi wako wa a8 bado amekwama.

---

BintiLigula
Sikubali kuwa amekwama. Tuseme wanabadilishana: `14...Qxf1+ 15.Qxf1 Bxf1 16.Kxf1`. Hesabu askari, mweupe sita, mweusi watano. Ngome ya h8 inataka kumla farasi wa a8 lakini mfalme wa g8 ameikalia njia, lazima kwanza `16...Kf7`. Hiyo ndiyo hatua moja mweupe aliyoihitaji, `17.Nc7` na farasi ametoka.

Ila `6...dxe5` si lazima kwake. Akila kwa farasi, `6...Nxe5`, askofu wako wa c4 anatishiwa na f7 inabaki kuwa ndoto.

---

lindi_mjini
Na mweusi halazimiki kubadilisha malkia hatua ya 14. Mfalme mweupe yuko e1, askofu mweusi yuko h3, farasi wawili wanaitazama e4. Mimi ningebaki na malkia. Nitaipanga ubaoni Jumamosi, mwenye nafasi Lindi aje achukue weupe tuicheze kuanzia `14.Be3`.

---

chikongola_boy
Nachukua weupe.